Laki kwa mwezi, pikipiki ya milioni 3: hesabu iliyozunguka kwenye magrupu ina kosa

Wiki mbili hizi kuna ujumbe umezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wauzaji, na mpaka huku Munanila umefika. Unasema hivi: weka laki moja kila mwezi sehemu inayotoa riba ya asilimia 12, na ndani ya miezi 14 una milioni 3 ya kununua pikipiki. Chini yake wameweka kanuni yenye logi, kwa hiyo unaonekana ni ujumbe wa mtu aliyesoma. Dada mmoja ninayepakia naye mizigo, yeye anauza vitenge na mimi nauza mawese na dagaa, alikuja ananiuliza kama na sisi tuanze. Nikamwambia ngoja niipige kwanza.

Nimeipiga. Kanuni yenyewe ni sahihi kabisa. Kilichoingizwa ndani yake ndicho kibovu. Na nilipomaliza kuirekebisha nikakuta jambo lililonishangaza zaidi ya lile kosa: kwa malengo yetu haya ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, riba tunayoipigia kelele inafanya kazi ndogo mno. Najua kuna watakaobisha, kwa hiyo naweka hesabu yote hapa, mbishe mkiwa na namba.

Tuanze na hesabu ambayo haihitaji kanuni. Unataka milioni 3, unaweka laki moja kwa mwezi kwenye kibubu chini ya kitanda. Gawanya 3,000,000 kwa 100,000. Miezi 30. Hiyo ndiyo dari yako: ukiongeza riba yoyote jibu lazima lishuke chini ya 30, swali ni kwa kiasi gani.

Sasa weka riba. Asilimia 12 kwa mwaka ukiigawanya kwa miezi 12 ni asilimia 1 kwa mwezi, yaani 0.01. Mwisho wa mwezi wa kwanza unaweka 100,000. Mwezi wa pili ile laki imezaa 1,000, unaongeza laki nyingine, una 201,000. Mwezi wa tatu 201,000 imezaa 2,010, unaongeza laki, una 303,010. Unaona jinsi mwanzoni riba ilivyo ya kuchekesha, shilingi elfu moja, elfu mbili. Ukiendelea hivyo mwezi wa 12 una 1,268,250, na mwezi wa 24 una 2,697,346. Unaweza kufanya hivi kwa mkono mpaka ufike milioni 3, lakini utachoka, na ukikosea mwezi wa tisa yote ya mbele imeharibika. Hapo ndipo kanuni inaingia.

Mimi kanuni sikariri, huwa naisahau. Ninachokumbuka ni picha moja. Jiulize: mtu awe na shilingi ngapi benki ili riba ya asilimia 1 peke yake impe laki moja kwa mwezi? Jibu ni milioni 10. Basi jifanye una hiyo milioni 10 ya kufikirika. Mwezi wa kwanza inazaa 100,000, sawa na ulichoweka wewe. Mwezi wa pili ni 10,100,000, inazaa 101,000, jumla ya mazao 201,000. Ni zile zile namba zetu za juu! Mwezi wa tatu utakuta mazao yamefika 303,010. Kwa hiyo kuweka laki moja kila mwezi kwa riba ya asilimia 1 ni sawa na kuwa na milioni 10 isiyokuwa yako, wewe unachukua mazao yake tu.

Ukishaiona picha hiyo, swali la pikipiki linakuwa jepesi. Unataka mazao yafike milioni 3. Maana yake milioni 10 ya kufikirika iwe milioni 13. Yaani ikue mara 1.3. Kila mwezi inakua mara 1.01. Kwa hiyo unauliza tu: nizidishe 1.01 kwa yenyewe mara ngapi mpaka nipate 1.3? Mara 10 unapata 1.1046. Mara 20 unapata 1.2202. Mara 26 unapata 1.2953, mara 27 unapata 1.3082. Jibu liko katikati ya 26 na 27.

Na hiyo ndiyo kazi ya logi, wadau, ile tuliyoilalamikia kidato cha pili tukiwa na vitabu vya majedwali. Logi inajibu swali la "mara ngapi". Badala ya kujaribu 10, 20, 26, unagawanya logi ya 1.3 kwa logi ya 1.01 na unapata jibu mara moja. Ukitaka iandikwe, L ni lengo, A ni unachoweka kila mwezi, r ni riba ya mwezi, n ni idadi ya miezi:

```
L = A × ((1 + r)^n − 1) / r

n = ln(1 + L × r / A) / ln(1 + r)
```

Mstari wa kwanza unakuambia baada ya miezi n utakuwa na kiasi gani. Wa pili ni huo huo umegeuzwa, unakuambia lengo litachukua miezi mingapi. Kwa pikipiki yetu, L × r / A ni 3,000,000 × 0.01 ÷ 100,000, inakuja 0.3. Jumlisha 1, una 1.3. Kwenye simu fungua kikokotoo, ilaze simu ili vitufe vya hesabu kubwa vitokee, kisha tafuta ln. ln ya 1.3 ni 0.26236. ln ya 1.01 ni 0.00995. Gawanya, unapata 26.37. Simu yako ikiwa na log badala ya ln, tumia hiyo, jibu halibadiliki mradi juu na chini utumie kitufe kimoja. Kosa la vidole ambalo nililifanya mwenyewe ni kugawanya kwanza 1.3 kwa 1.01 halafu ndiyo nipige ln. Ukifanya hivyo unapata 0.25, na kwa kuwa hakuna pikipiki ya robo mwezi utajua umekosea.

Mwenye Google Sheets au Excel ataandika hivi na kupata 26.37 ile ile:

```
=NPER(0.01, -100000, 0, 3000000)
```

Alama ya kutoa mbele ya laki ni kwa sababu hela inatoka mfukoni mwako. Ukiisahau utaletewa namba ya ajabu au kosa.

Sasa hiyo 0.37 mwisho isikuchanganye. Kuna mtu atasema ni siku 11, kwa hiyo pikipiki ni miezi 26 na siku 11. Hapana, maana wewe huweki hela katikati ya mwezi. Angalia kinachotokea kweli: ukishaweka amana ya 26 una 2,952,563. Mwezi unaofuata hiyo inazaa 29,526, unafika 2,982,089. Siku ya kuweka amana ya 27 unahitaji 17,911 tu, siyo laki nzima. Kwa hiyo jibu la vitendo ni: mara 27, na ya mwisho ni kidogo.

Haya, turudi kwenye ujumbe wa magrupu. Wao walipata wapi 14? Waliingiza 0.12 mahali pa 0.01. Riba ya mwaka wakaifanya ya kila mwezi. Ukiweka 0.12 kwenye kanuni unapata 13.47, wakapandisha ikawa 14. Sidhani aliyeuandika ni tapeli, nadhani aliteleza tu, lakini ukitelezea kwenye grupu la watu mia mbili umeteleza na watu mia mbili. Ukweli ni kwamba kwa asilimia 12 ya mwaka, mwezi wa 14 utakuwa na 1,494,742. Nusu ya pikipiki. Mtu aliyemwahidi fundi au aliyepatana na mwenye pikipiki kwa hesabu ile atakuwa pabaya.

Na kosa hili lingeonekana bila logi wala kikokotoo. Miezi 14 umeweka 1,400,000. Ili uwe na milioni 3, riba imekupa 1,600,000 kwa mwaka na kidogo, yaani imekupa zaidi ya ulichoweka mwenyewe. Asilimia 12 ya mwaka haiwezi kufanya hivyo. Sehemu inayoweza ni kama ile DECI ya "kupanda mbegu", na tuliokuwa na akili timamu mwaka 2009 tunakumbuka ilivyoishia. Kwa hiyo kabla ya kuamini jibu lolote la muda, gawanya lengo kwa amana kwanza. Kwa riba za kawaida na lengo la miaka miwili mitatu, jibu la kweli litakuwa chini ya hapo kwa miezi michache tu. Likishuka nusu, kuna mtu kakosea au kuna mtu anakutafuta.

Sasa nije kwenye lile lililonishangaza. Kibubu ni miezi 30. Riba ya asilimia 12 ni mara 27. Tofauti ni miezi mitatu. Miaka miwili na zaidi ya kuhangaika na riba, umeokoa miezi mitatu. Nikajiuliza, je, nikikaa na kibubu changu bila riba lakini nikiongeza kidogo ninachoweka, niongeze kiasi gani ili niifikie ile riba? Gawanya 3,000,000 kwa 115,000. Unapata 26.09. Yaani mara 27, sawa sawa na mwenye riba.

Riba yote ya asilimia 12, kwa lengo hili, thamani yake ni 15,000 kwa mwezi. Shilingi 500 kwa siku! Kwa muuzaji wa mtandaoni hiyo ni bando la ziada ulilonunua kuangalia video, au nauli ya bodaboda moja ambayo ungeweza kuiunganisha na mzigo mwingine. Ukiongeza 20,000 badala ya 15,000, kibubu kinamaliza miezi 25 na kumpita mwenye riba.

Jaribu na upande mwingine. Tuseme umepata sehemu inatoa mara mbili, asilimia 2 kwa mwezi, na unaendelea na laki. Picha yetu inabadilika kidogo: mwenye kupata laki kwa asilimia 2 ana milioni 5 ya kufikirika, nayo inatakiwa kuwa milioni 8. ln ya 1.6 gawanya kwa ln ya 1.02, unapata 23.73, yaani mara 24. Lakini ukibaki kwenye asilimia 1 na kuweka laki na nusu badala ya laki, unapata 18.32, mara 19. Kuongeza nusu ya amana kumeshinda kuongeza riba mara mbili, na asilimia 24 kwa mwaka sijui utaipata wapi bila kukosa usingizi.

Kwa nini iko hivyo? Rudi kwenye milioni 10 ya kufikirika. Kuitoa kwenye 10 kwenda 13 ni safari fupi, na kwenye safari fupi hela yako nyingi bado ni changa. Laki ya mwezi wa 20 inakaa miezi saba tu kabla ya kununua pikipiki, itazaa nini cha maana? Ni laki chache za mwanzo ndizo zinazopata muda wa kuzaa.

Ila nisiwe mwongo. Badilisha lengo liwe milioni 20, tuseme kujenga fremu mbili na stoo barabarani. Kwa kibubu ni miezi 200, miaka 16 na miezi 8. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, milioni 10 ya kufikirika inatakiwa kuwa milioni 30, yaani mara 3. ln ya 3 ni 1.0986, gawanya kwa 0.00995, unapata 110.4. Mara 111, miaka 9 na robo. Hapa riba imeokoa zaidi ya miaka saba, na ukitaka kuifikia kwa kibubu itabidi uweke karibu 180,000 kila mwezi. Kwa hiyo ugomvi wangu siyo na riba, ugomvi wangu ni na mtu anayehamisha hela yake kila miezi miwili kufuata nusu asilimia wakati lengo lake ni friji au pikipiki. Huyo angetafuta wateja wawili. Anayefikiria shamba, nyumba au ada ya chuo ya mtoto ambaye bado yuko chekechea, huyo akae chini na riba, akasome mifuko ya UTT AMIS na hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, maana muda uko upande wake.

Na kwa wale wasiotaka riba kwa sababu ya dini, kanuni ya logi haiwahusu, na mkiweka sifuri kwenye r kikokotoo kitagoma kwa sababu unagawanya kwa sifuri. Ninyi gawanyeni tu lengo kwa amana, na kama mlivyoona, kwa pikipiki hamjapoteza kikubwa.

Kuna mambo mawili yanayoiharibu hesabu hii hata kama vidole havijakosea.

La kwanza ni bei ya unachokitaka. Sisi tunahesabu miezi 27 kwa milioni 3, lakini pikipiki ya miezi 27 ijayo itauzwa milioni 3? Mfumuko wa bei wa nchi mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, ila pikipiki inatoka nje na bei yake inafuata dola. Chukua mfano ipande asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya miezi 29 itakuwa karibu 3,375,000, na wewe kwa amana 29 una 3,345,039. Umepungukiwa elfu thelathini. Mwezi wa 30 ndiyo unaipata. Angalia hiyo namba: 30. Riba yote iliyokuokolea miezi mitatu imelipwa kwa kupanda kwa bei, umerudi kwenye miezi ya kibubu. Mwenye kibubu kweli naye atasubiri zaidi ya hapo, mpaka mwezi wa 35, kwa hiyo riba haikuwa bure, imekukinga tu. Ninachofanya mimi ni kuuliza bei dukani kila baada ya miezi mitatu nikienda Kasulu, kisha naingiza L mpya kwenye kanuni.

La pili ni maneno "kila mwezi" na "sawa". Kanuni inaamini unaweka laki ile ile bila kuruka. Sisi siyo watumishi wa serikali wenye mshahara tarehe moja. Huku kwetu watu wakivuna maharage hela inatembea, wakiwa wanalima hata mteja wa status anakwambia nitumie mwezi ujao. Ndiyo maana watu wengi huiacha hesabu wakishavuruga mwezi mmoja, wanadhani imekufa. Haijafa, inaanza upya na salio ulilonalo.

Mimi nilivuruga mwezi wa 10. Kwa makadirio ya asilimia 1 nilikuwa na 1,046,221 (kwenye mfuko wa vipande faida haiahidiwi, bei ya kipande inapanda inavyopanda, kwa hiyo salio halisi lilitofautiana kidogo, ila hapa natumia makadirio ili mfuatane nami). Mzigo wa mawese uliharibika njiani, madumu yalipasuka kwenye buti la basi, wateja watatu wakataka hela yao. Nikatoa 600,000. Nikabaki na 446,221 na kichwa kinauma.

Picha ya milioni 10 inatusaidia tena. Ukiwa na salio, linakaa juu ya ile milioni 10. Kwa hiyo nilikuwa na 10,446,221 ya kufikirika, inatakiwa kufika 13,000,000. Gawanya: 1.24447. ln yake ni 0.2187, gawanya kwa 0.00995, inakuja 21.98. Miezi 22 kutoka pale. Jumla 32 badala ya 27. Kwenye Sheets ni hivi, salio linaingia na alama ya kutoa:

```
=NPER(0.01, -100000, -446221, 3000000)
```

Ile namba 22 ilinituliza kuliko maneno ya mtu yeyote. Nilikuwa najisemea nimerudi sifuri, kumbe nimerudi nyuma miezi mitano. Ningekuwa nimeacha, ingekuwa miezi 27 tena kutoka mwanzo.

Swali moja niliulizwa na yule dada wa vitenge: kwa nini nisiweke hela hii kwenye kikoba chetu, maana gawio la mwisho wa mwaka linazidi asilimia 12? Kikoba ni kizuri na mimi ni mwanachama, lakini kina mambo mawili ya kuangalia kabla ya kutumia kanuni hii. Kikoba kinavunjwa mwisho wa mwaka, kila mtu anapewa chake mkononi, na hapo mnyororo wa riba juu ya riba umekatika. Kanuni yetu inadhani hela inabaki ndani miezi 27 mfululizo. Kama ukipewa milioni na kitu Desemba unaweza kuirudisha yote Januari bila sikukuu kuigusa, sawa, hesabu inaendelea. Mimi ninajijua. Na jambo la pili, riba ile ya kikoba tunalipana wenyewe kwa mikopo. Kama na wewe umekopa humo, toa kwanza ulicholipa kwenye mkopo ndipo uhesabu ulichopata.

Mengine, kama kuweka mwanzo wa mwezi au mwisho, msigombane. Ukiweka mwanzo wa mwezi 26.37 inakuwa 26.14. Ni amana ile ile ya 27. Weka siku ambayo hela bado ipo, basi. Kwangu ni kesho yake baada ya soko, kabla sijaenda kuchukua mzigo mwingine, kwa sababu hela ya muuzaji ikilala siku mbili inageuka dagaa.

Leo niko mwezi wa 18. Kwa makadirio nina 1,311,760, na kwa laki moja zimebaki amana 14. Wiki iliyopita nimeanza kuunganisha vifurushi vya wateja wa Dar na Dodoma niwe napakia Kasulu mara mbili kwa wiki badala ya kila oda inapoingia, na kwenye daftari naona kama elfu moja kwa siku inabaki. Nimeiongeza kwenye amana, sasa ni 130,000. Ukibadilisha amana, ile ya kufikirika nayo inabadilika: anayepata 130,000 kwa asilimia 1 ana milioni 13. Kwa hiyo 13 na salio langu ni 14,311,760, inatakiwa kufika milioni 16. ln ya 1.118 gawanya kwa 0.00995, nimepata 11.21. Amana 12, na ya mwisho ndogo.

Wenye malengo yao, andikeni hapo chini namba tatu: lengo, unachoweka kwa mwezi, na salio ulilonalo kama lipo. Riba kama huijui iache, tutaanza na kibubu.